Kosta za Mbeya–Iringa zimegeuzwa chupa za pafyumu, wenye kipandauso wasafirije?

Binti Uyole: Wakuu, hili limezidi. Asubuhi ya Julai, baridi kali, kosta ipo stendi inasubiri ijae. Madirisha yamefungwa yote, na juu ya dashibodi kuna chupa tatu za pafyumu zinapigwa na jua kupitia kioo cha mbele. Pafyumu ikipata joto inatoa mvuke mwingi zaidi, na humo ndani mvuke hauna pa kutokea. Kwa baadhi ya wenye kipandauso, dakika chache zinatosha. Gari halijaondoka stendi, upande mmoja wa kichwa unagonga, kichefuchefu kimeanza, macho hayataki mwanga. Na shambulio lisipotibiwa linaweza kumkalia mtu saa 4 mpaka siku 3! Akiomba dirisha lifunguliwe anaambiwa anajidekeza. Huo ni ugonjwa, sio madeko.

Makonda, kufunga kifuniko cha chupa hakutoshi. Itieni kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, wekeni kwenye buti. Kabla abiria hawajapanda, acheni mlango na madirisha wazi dakika 10, maana vitambaa vya viti vimeshanywa harufu. Na sigara vutieni mbali na mlango, moshi wote unaingia ndani.

Baba Tukuyu: Dada, hiyo ni kichefuchefu cha safari tu. Kona zile zinamtapisha kila mtu. Ameze kidonge cha safari nusu saa kabla, akae mbele.

Mama Kihesa: Kaka, umechanganya mambo. Kichefuchefu cha safari kinaletwa na mwendo, na mara nyingi kinapungua gari likisimama. Hapa gari limesimama stendi na mtu ameshaanza kuumwa. Tena ukimkalisha mbele umemweka puani mwa zile chupa.

Dirisha lifunguliwe upana wa vidole viwili, na la pili upande wa pili, nyuma. Ukifungua moja tu, hewa inazungusha harufu ileile. Wanaoona baridi wajifunike, khanga na masweta yapo.

Mnyalukolo: Dawa ni barakoa na miwani nyeusi, uvae tangu unatoka nyumbani hadi unalala. Hakuna harufu, hakuna mwanga.

Mama Kihesa: Nusu umepatia, mwanangu. Barakoa ya kawaida inazuia vumbi na chembe za moshi kiasi, ila mvuke wa pafyumu unapita. Miwani nyeusi ni ya juani. Ukishinda nayo ndani ya nyumba, macho yanazoea giza, na siku ukiivua hata taa ya sebuleni inachoma. Kofia yenye ukingo inasaidia zaidi.

Na kiti uchague kwa kufuata jua. Ukitoka Mbeya asubuhi ya Julai kwenda Iringa, jua liko zaidi mbele na kushoto, kwa hiyo kaa kulia. Ukirudi jioni, jua liko mbele na kulia, kaa kushoto. Mkifika msitu wa Sao Hill vuta pazia: jua likiwa chini linapita katikati ya misonobari, mwanga unakatika na kurudi, unakatika na kurudi. Kupepesa huko kunaudhi kuliko mwanga mkali uliotulia.

Baba Tukuyu: Sawa, nimekuelewa mama. Ila kwangu kichwa kinaniuma nyumbani, tukiingiza jiko la mkaa chumbani usiku. Mke wangu na watoto pia. Ni kipandauso cha ukoo?

Mama Kihesa: Hapana! Mkiumwa wote chumba kimoja na mkitoka nje mnapata nafuu, hiyo ni hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa, na haina harufu. Jiko litoke leo, msilale nalo. Akizidiwa mtu, mtoeni nje na mkimbizeni hospitali.

Konda wa Makambako: Mnatulaumu, lakini abiria haohao wanalalamika jasho na dagaa. Tukitoa pafyumu tunatukanwa.

Binti Uyole: Kaka, pafyumu haiondoi dagaa, inaongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza. Dagaa waende kwenye buti. Sakafu na viti pigeni maji na sabuni isiyonukia jioni, vikauke usiku.

Mnyalukolo: Swali. Kuna wanaosema harufu haileti kipandauso, ila kikishaanza chini kwa chini ndipo pua inakuwa kali na pafyumu inaanza kukera. Sasa kipi kinatangulia?

Mama Kihesa: Yote mawili yapo, na kwa mtu mmoja ni vigumu kutenganisha. Aandike kwenye daftari kwa miezi miwili: saa, harufu, mwanga, usingizi, chakula. Kama kabla ya pafyumu alikuwa ameshaanza kupiga miayo mfululizo au shingo imekaza, huenda shambulio lilishaanza.

Konda wa Makambako: Chupa nitatoa. Zile taa za bluu za ndani ni za bosi, siwezi kuzing'oa.

Binti Uyole: Usizing'oe, zina swichi yake. Bluu ndiyo inawaumiza wengi, na ikipepesa ni mbaya zaidi. Giza likiingia zima hizo, acha taa moja ya kawaida mlangoni.

Konda wa Makambako: Hiyo nitamwambia dereva.