Naomba ushauri: fundi mpya atoke lini kwenye simuleta na kushika swichi halisi?

Habari zenu wakuu. Ninaandaa mafunzo ya wiki 4 kwa mafundi wapya wa mtandao: wiki 3 za Packet Tracer, ya mwisho swichi halisi za Cisco. Kuunda VLAN wanaweza. Ninapokwama ni kuwajengea tahadhari.

Chukueni zoezi hili. Mlango unaounganisha swichi mbili unabeba VLAN 10, 20 na 99, na 99 ndiyo ya usimamizi. Fundi anaambiwa aongeze 30, anaandika:

```
switchport trunk allowed vlan 30
```

Amri hiyo inafuta orodha yote na kubakiza 30 peke yake. Sahihi ni:

```
switchport trunk allowed vlan add 30
```

Kwenye simuleta anabofya swichi, anafungua CLI na kurekebisha. Swichi ikiwa tawi la mbali, SSH inakatika papo hapo, na lazima mtu asafiri na kebo ya konsoli.

Nimewakataza kubofya swichi. Wanaingia kwa SSH kupitia kompyuta iliyomo kwenye zoezi. Imesaidia sana, kwani sasa wanafungiwa nje kweli. Ila wengi huizima swichi na kuiwasha kwa kitufe cha simuleta, na kwa kuwa hawajahifadhi mabadiliko, mpangilio wa zamani unarudi. Kazini hakuna kitufe hicho karibu.

Maswali yangu:

Je, `reload in 10` na `reload cancel` mnazifundisha kabla ya swichi halisi, au siku ya kwanza ya kuishika?

Na ni jaribio gani mnalotumia kumruhusu fundi aguse swichi yenye watumiaji?