Naombeni ushauri: barua ya kazi naituma Ijumaa, nianze kukagua wapi?

BintiMwaloni
Habari zenu wakuu. Mimi ni binti naishi Nyegezi hapa Mwanza, nilisoma diploma ya uchakataji samaki nikamaliza 2022, tangu hapo namsaidia mama biashara ya dagaa pale Kirumba mwaloni. Sasa kuna kiwanda cha minofu kimetangaza nafasi ya msaidizi wa udhibiti ubora, mwisho wa kupokea ni Ijumaa hii saa 10 jioni, wanataka barua kwa Kiswahili, CV na vyeti, vyote viwe faili moja la PDF kwa imeili. Sijawahi kuomba kazi kwa barua maishani mwangu. Barua nimeichukua kwa rafiki yangu aliyeomba kazi ya maabara mwaka jana nikabadilisha vitu vyangu, nimeisoma kwenye simu kama mara kumi naona iko sawa lakini roho haitulii. Naomba mnitajie vitu vya kukagua kabla sijabonyeza kutuma. Aya ya kwanza hii hapa:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni binti wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 24, nimeitimu stashahada ya uchakataji samaki mwaka 2022 na nina uzoefu wa miezi sita kiwandani. Ninaomba nafasi ya msaidizi wa maabara katika kampuni yenu."

Mzee wa Igoma
Karibu binti. Hapo usihangaike, nenda steshenari yoyote waambie wakufungulie kwenye Word, neno likikosewa linapigwa mstari mwekundu chini. Unarekebisha mekundu yote unatuma. Dakika kumi umemaliza.

Kaka Ubora
Mzee wangu hiyo inasaidia kama barua ni ya Kiingereza. Komputa nyingi za steshenari lugha iliyowekwa ni Kiingereza, ukiandika Kiswahili ukurasa mzima unakuwa mwekundu, kosa halionekani tena. Na hata huo mstari unaangalia neno tu, haujui kama mwaka uliouandika ni wa kweli. Ukiandika 2012 badala ya 2022 hakuna mstari utakaotokea.

Mama Lwanda
Mwanangu nimefanya kazi ofisi ya utumishi miaka tisa, nimefungua bahasha na imeili za waombaji hadi macho yakauma, kwahiyo nisikilize taratibu. Herufi moja kukosewa haimtoi mtu. Kinachomtoa ni barua kusema hivi na cheti kusema vile, kwa sababu hapo anayesoma hajui aamini kipi, na ana rundo lingine mbele yake.

Usikague kwenye simu. Ile skrini inakuonyesha mistari michache, huwezi kuona juu na chini kwa pamoja, tena ukishasoma mara kumi jicho linasoma kilichoko kichwani mwako na siyo kilichoandikwa. Chapisha barua na CV, tandika mkeka, weka vyeti vyako halisi pembeni, cheti cha kuzaliwa, cha form four, cha chuo, kitambulisho cha NIDA, na tangazo lenyewe. Shika kalamu. Mzunguko wa kwanza usisome lugha kabisa. Tafuta kila jina, kila namba, kila tarehe, kila cheo, weka kidole kwenye barua na kidole kingine kwenye karatasi inayothibitisha, vikilingana tiki, visipolingana duara. Kisichokuwa na karatasi ya kukithibitisha nacho duara, ukakifikirie.

Tufanye na aya yako. "Miaka 24", nikuulize umezaliwa lini? "Uzoefu wa miezi sita", huo ni upi na uko kwenye CV? "Msaidizi wa maabara", tangazo linasema msaidizi wa udhibiti ubora, hicho ni cheo cha rafiki yako kimebaki. "Nimeitimu" ni nimehitimu. Hapo ni mistari mitatu tu, mawili nina mashaka nayo na mawili ni makosa kabisa.

BintiMwaloni
Mama mungu wangu, hiyo ya maabara sikuiona kabisa!! Na nimesoma mara kumi kweli. Nimezaliwa Desemba 2002. Uzoefu ni ule wa fildi, tulikaa kiwandani wiki 8, rafiki yangu yeye ndiye alikuwa na miezi sita.

Mama Lwanda
Desemba 2002 na sasa ni Machi 2026, kwahiyo una miaka 23, hiyo 24 umetoa mwaka kwa mwaka ukasahau mwezi. Mimi ningeifuta umri kabisa kwenye barua, tarehe ya kuzaliwa iko kwenye CV inatosha, kitu kikiandikwa mahali pamoja hakiwezi kupingana na chenyewe. Wiki 8 andika wiki 8, na uandike ulifanya nini: ulipima joto la samaki wakipokelewa, ulijaza fomu, chochote ulichofanya kweli. Cheti cha fildi kikisema wiki 8 na wewe umesema miezi sita, unaonekana mwongo wakati hukukusudia.

Jembe la Buswelu
Naomba niingilie hapo hapo, mimi nimeomba ajira za serikali kule Ajira Portal mara mbili sijaitwa, shida inaweza kuwa jina? Cheti ni Margareth, NIDA ni Magreth. Dada angalia na la kwako.

Mama Lwanda
Jembe hilo lako ni kubwa kidogo, fungua uzi wake watu wakusaidie. Ila umemkumbusha jambo. Binti, jina lako liandike herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti cha form four, barua, CV na sahihi, majina yote matatu kwa mpangilio uleule.

Kaka Ubora
Hapo nakubali nusu mama. Ofisi niliyopo mimi walisema jina lifuate NIDA kwa sababu mshahara na mfuko wa jamii vinasoma NIDA. Nilichofanya ni kwenda kwa wakili nikala kiapo cha majina, nikakiambatanisha nyuma ya vyeti.

Mama Lwanda
Sawa, kila ofisi na utaratibu wake. Kiapo hakimdhuru mtu.

Dogo wa Sengerema
Mimi niongezee la namba ya simu. Mwaka juzi niliomba kazi sehemu fulani, nikakaa wiki tatu nasubiri, baadaye jamaa anayefanya pale ananiambia mbona hukuja usaili jina lako lilikuwepo, wamekupigia hupatikani. Kwenda kuangalia CV nilikuwa nimegeuza tarakimu mbili za mwisho. Iliniuma sana. Siku hizi sikagui namba kwa macho, nachukua simu ya mtu mwingine, mtu anasoma namba kutoka kwenye karatasi mimi nabonyeza, nasubiri yangu iite. Na namba za wadhamini hivyo hivyo, napiga nawaambia nimewaandika.

BintiMwaloni
Nimerudi wapendwa. Nimechapisha Nyegezi stendi nikafanya kama Mama Lwanda alivyosema, mdogo wangu anashika vyeti. Nimepata duara saba! Kubwa ni form four, CV nimeandika 2019 kwa sababu matokeo yalitoka Januari 2019, lakini cheti kinasema mtihani Novemba 2018. Kumbukumbu namba ya tangazo nilikuwa sijaiweka. Halafu kwenye CV baada ya 2022 hakuna kitu mpaka leo, niache tu?

Mzee wa Igoma
Acha, dagaa siyo ajira rasmi.

Mama Lwanda
Usiache. Mtu akishuka na kidole kwenye safu ya miaka anafika 2022 anakuta shimo la miaka mitatu na ushee, atajiuliza ulikuwa wapi. Na hii kazi ni ya ubora wa samaki! Wewe umekaa mwaloni unachambua dagaa waliokauka vizuri na waliobaki na unyevu, unajua gunia lenye mchanga kwa kulishika. Andika ulivyofanya kwa mstari mmoja au miwili, usikuze.

Sasa mzunguko wa pili ndiyo lugha. Soma kwa sauti, tena anza sentensi ya mwisho ukipanda juu, maana ukianza juu unateleza na hadithi. Sisi wa kanda hii angalia sana r na l, "kulipoti", "kufatiria", na h inayopotea kama ile ya nimehitimu. Kama uliandika kwenye simu angalia pia maneno ambayo simu imejibadilishia yenyewe, unaandika "sana" inaweka `Santa`. Kisha mpe mtu mwingine asome, ambaye hajui umeandika nini, akikwama mahali usimweleze, rekebisha hapo.

Kaka Ubora
Na kichwa kiwe KUH na siyo YAH.

Mzee wa Igoma
Sisi tumefundishwa YAH miaka yote na kazi tumepata.

Mama Lwanda
Nimezipokea zote mbili, sikumkata mtu. Kinachohusu ni baada ya hapo: cheo kiwe kilekile cha tangazo neno kwa neno, na kumbukumbu namba.

Mzunguko wa mwisho ni kifurushi chenyewe. Jitumie kwanza wewe mwenyewe, halafu fungua kwenye simu ya mtu mwingine. Hesabu kurasa, angalia kama kuna cheti kimelala ubavu, kama mhuri wa wakili umefunika jina, kama sahihi ipo. Jina la faili liwe lako na nafasi. Anwani ya mpokeaji ijaze mwishoni kabisa, hapo hata kidole kikiteleza haiendi kokote.

BintiMwaloni
Nimejitumia nimefungua kwa simu ya kaka. Faili lilikuwa linaitwa `barua mpya final 2.pdf`, nimebadilisha. Cheti cha chuo kilikuwa ukurasa wa mbele tu, wa nyuma wenye masomo haukuskaniwa. Na kitu ambacho sikukitegemea, imeili yangu ikifika inaonyesha jina `Mamu Pretty` la zamani nilipokuwa sekondari, nimekaa nusu saa kutafuta pa kulibadilisha.

Dogo wa Sengerema
Aisee ngoja na mimi nikaangalie la kwangu.

BintiMwaloni
Kesho Alhamisi asubuhi naenda kuskani ule ukurasa, jioni dada wa jirani anasoma kwa sauti, naituma usiku uleule nisisubiri Ijumaa mtandao ukasumbua. Kitu kimoja bado: kiapo cha majina mimi jina langu linalingana kote, ila cheti cha kuzaliwa kina majina mawili tu, la babu halipo. Hapo kuna haja ya wakili au niache?

Kaka Ubora
Mimi ningekula kiapo.

Mama Lwanda
Kwetu mawili kwenye cheti cha kuzaliwa tulikuwa tunapokea, mradi yaliyopo yanalingana. Kwa kiwanda hicho siwezi kukuhakikishia, tangazo lina namba ya simu? Piga kesho saa tatu, uliza hilo tu.