Muhuri wangu unatambuliwa Tanga, lakini mimi mwenyewe siruhusiwi kufanya kazi huko

Assalaam aleikum wanajukwaa. Naandika nikiwa Lamu, na naandika kwa hasira.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi niliyesajiliwa na bodi yetu ya Kenya, na kazi yangu kubwa ni magati. Mwaka jana kampuni moja ya Tanga iliniita nikague gati lake, ambalo nguzo zake zilikuwa zimeliwa na kutu pale maji yanapopanda na kushuka, hata saruji inabanduka kwa kucha na chuma kimebaki chembamba kama msumari. Nilichora michoro ya ukarabati, tukakubaliana malipo, na nikaamini kwamba njia ni nyeupe, kwa sababu Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano ya kutambuana wahandisi mwaka 2012.

Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri, na sitaki kuwadhulumu waliohusika. Bodi yetu ilinipa barua ya kuthibitisha kwamba usajili wangu u hai na kwamba sina shauri la nidhamu, na bodi ya Tanzania ikanisajili bila kunirudisha kwenye mtihani. Ndipo mwajiri alipokwenda kuomba kibali changu cha kazi, akaulizwa amefanya juhudi gani kumtafuta Mtanzania wa kazi hiyo, na yuko wapi mtu atakayerithishwa ujuzi nitakapoondoka. Usajili ulikuwa mkononi mwake, lakini haukujibu hata swali moja kati ya hayo. Kibali kilipokuwa bado kinasubiriwa, masika yakakaribia, na gati akapewa mtu mwingine.

Msaidizi wangu, fundi sanifu mwenye stashahada aliyenishikia vipimo miaka minane, hakufika hata kwenye hatua ya kwanza, kwa kuwa makubaliano yanamhusu mhandisi aliyekwisha kusajiliwa kikamilifu. Kampuni yangu nayo haikutambuliwa, maana anayetambuliwa ni mtu, si kampuni. Kinachoniuma ni kwamba katika semina zote nilizohudhuria tulielezwa habari za bodi tu, na hakuna aliyetaja kwamba bodi haina mamlaka juu ya idara ya kazi wala ya uhamiaji.

Baharia wa Malindi: Pole, kaka, lakini nadhani ulidanganywa. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010 na iliondoa vibali kwa raia wa Jumuiya. Binamu yangu alikwenda Kigali na hakulipa chochote.

Mhandisi wa Dar: Hakulipa ada, Bwana Baharia, lakini kibali alikichukua. Kufuta ada ni jambo moja na kufuta kibali ni jingine. Itifaki hiyohiyo ina kiambatisho kinachomtaka mfanyakazi mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali, na mamlaka imjibu ndani ya siku 30. Huku kwetu sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 haimtofautishi Mkenya na Mjerumani katika maswali aliyoulizwa mwajiri wako. Mwenye uzi, nakushauri jambo moja: mpango wa kurithisha ujuzi uandikwe mapema, ukiwa na jina la mhandisi mhitimu Mtanzania na kazi atakazojifunza mwezi kwa mwezi. Maombi mengi ninayoyaona hukwama hapo, kwa sababu mwajiri huandika sentensi mbili tu.

Mama Zuhura: Wanangu, mimi nauliza la kwangu. Binti yangu amehitimu ualimu Dodoma na sasa yuko hapa Malindi. Je, makubaliano hayo yatamsaidia kuajiriwa?

Mhandisi wa Dar: Shikamoo mama. Hayo ni ya wahandisi, hayamhusu. Shahada yake itatambuliwa kwanza na tume ya vyuo vikuu ya Kenya, kisha aombe usajili wa walimu. Kutambua shahada hakumpi mtu leseni ya kazi.

Mwenye uzi: Ahsante kwa la mpango, laiti ningelijua mapema. Lakini siku hizo 30 mbona hazikuheshimiwa? Sisi tulingoja zaidi ya miezi miwili. Mtu akicheleweshwa hivyo anashtaki wapi, na gati linangoja vipi?

Mhandisi wa Dar: Mahakama ya Jumuiya iko Arusha na mtu binafsi anaweza kufungua shauri, ila ana miezi miwili tu tangu tendo analolilalamikia. Kama kukawia kunahesabiwa kuwa tendo jipya kila siku, wanasheria watueleze.

Kijana wa Unguja: Na akija kwetu? Kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo kibali cha kazi cha Bara hakimfai Zanzibar. Nimeshaona mtu akirudishwa bandarini nacho mkononi.