Tupeane uzoefu: uliwahi kuficha kitufe ukadhani umefunga mlango?

Kuku_wa_Seva (mleta mada)
Wakuu, naanza na langu. Niliandika mfumo wa mikopo wa chama kimoja cha akiba: karani anapokea maombi, meneja anaidhinisha. Kwa karani nilikificha kitufe cha "Idhinisha", nikalala usingizi wa pono. Miezi mitatu baadaye mhasibu ananipigia. Kuna mkopo wa 1,800,000 umepitishwa Jumapili usiku, na meneja yuko msibani kijijini. Kufungua logi, nakuta akaunti ya karani, na mkopo wenyewe ni wa kwake! Kumbe siku moja aliketi na meneja, akafungua F12, akaona kitufe kikibonyezwa brauza inatuma nini:

```
POST /mikopo/214/idhinisha
```

Akarudi mezani kwake, akatuma hiyohiyo kwa akaunti yake, akibadili namba tu. Seva ilimuuliza swali moja: umeingia? Ameingia. Ikapitisha.

bintiKigamboni
Mimi kitufe changu kinajificha chenyewe kwenye simu ndogo. Ni CSS au?

Kuku_wa_Seva
Dada yangu, hilo lifungulie uzi wake 😂

Mtaalamu_Uchwara
Rahisi tu. Toa 214, weka UUID ndefu. Nani ataotea?

Mzee_wa_Logi
Kuotea kutakuwa kugumu, hapo uko sawa. Ila huyu hakuotea kitu, mkopo ni wake na namba anaisoma kwenye skrini yake. Ukaguzi uwe kwenye seva, kabla mkopo haujaguswa:

```php
if ($mtumiaji->cheo !== 'meneja'
    || $mkopo->mwombaji_id === $mtumiaji->id) {
    abort(403);
}
```

Mstari wa pili ndio unaosahauliwa. Meneja naye hukopa. Na cheo kisomwe kwenye hifadhidata, maana nimewahi kukuta fomu inayotuma `cheo=karani` kwenye sehemu iliyofichwa. Ukiandika `meneja`, umepanda cheo bila barua.

Ukimaliza, ingia kama karani, utume ombi hilo kwa curl. Usiridhike kwa kuona 403, kautazame mkopo wenyewe. Niliwahi kukuta seva inahifadhi kwanza, halafu ndiyo inakataa.

Shangazi_PHP
Mwenzenu ilikuwa hati za mishahara. Ukurasa wa orodha niliufunga vizuri kabisa, lakini faili za PDF ziko kwenye folda ya wazi. Mtu akatuma linki kwenye grupu la kazini, wakafungua hata wasio na akaunti. Siku hiyo nilikunywa chai ya mkandaa vikombe vinne. Sasa faili ziko nje ya folda hiyo, na seva hukagua mwenye hati kabla ya kumpa.

bintiKigamboni
Kwa hiyo karani akione kitufe tu?

Mzee_wa_Logi
Hapana, kifiche. Ya nini kumwonyesha mtu kitu atakachokataliwa?

Shangazi_PHP
Mimi kwa hati ya mwenzako narudisha 404, asijue hata kama ipo.

Mzee_wa_Logi
Kwa hati sawa. Kwa mkopo nataka 403, mhasibu aione kwenye logi.

Shangazi_PHP
Logi unaweza kuiandika hata ukirudisha 404, mzee wangu.