Storibodi au animatiki: muda wa tukio rafu unapimwaje?

Kivuli24: Wakuu, nina tukio la picha 6: binti anafungua mlango, anatazama chini, bahasha iko sakafuni, anaiokota, anaisoma, anaketi. Hakuna maneno. Nikizibandika ukutani kama storibodi zinasomeka vizuri. Nikiziingiza kwenye video ziwe animatiki, kila picha sekunde 2, inakuwa kama mtu anafunua albamu. Tatizo ni michoro? Nianze kuisafisha?

PenseliButu: Animatiki ni ya kazi yenye mazungumzo. Kama hakuna anayesema, storibodi yatosha. Andika sekunde chini ya kila picha, uendelee.

MamaFremu: Usisafishe chochote bado. PenseliButu, kuandika sekunde ni sawa, lakini unazitoa wapi? Ukutani mtazamaji ndiye anayeamua akae wapi, kwenye video unamwamulia wewe. Kivuli, simama uigize tukio lote huku simu ikihesabu muda, mara 3, kisha chukua kipimo cha katikati.

Nimeliigiza sasa hivi. Mlango sekunde 1.5, kutazama chini 1, kuokota 2, kusoma 4, kuketi 2. Bahasha yenyewe haiigizwi, nimeipa fremu 18, zinazotosha jicho kuitambua. Kwa fremu 24 kila sekunde, jumla ni 270, yaani sekunde 11 na robo. Zako zilikuwa 12. Urefu ni karibu uleule, ila sasa barua inapata fremu 96 badala ya 48, na bahasha inapita haraka.

Kona_ya_Wino: Kwa ukurasa mmoja mnaweka paneli ngapi? Zangu 6 zinabanana.

MamaFremu: Ndugu, hiyo ni komiki. Hapa tunapima muda, si nafasi ya karatasi.

TaaYaMeza: Ongezeni hili, maana liliniumiza. Picha iliyoganda huchosha haraka kuliko mwili unaotembea. Nilikata muda wa mzee anayeinama hadi fremu 14 kwa sababu picha yake moja ilionekana ndefu. Mhuishaji alipoanza kazi, mzee hakupata nafasi ya kuinama wala kunyanyuka, alidunda kama mpira. Tukaongeza fremu, na kila kipande kilichofuata kikasogea, sauti nayo ikapishana na picha. Siku hizi tendo kama hilo nalichorea picha tatu za mtu wa vijiti: kabla, chini kabisa, baada. Dakika 5 tu.

Kivuli24: Nimejaribu vyote viwili. Kuokota sasa kunapumua. Kusoma kwa fremu 96 mimi naona kumezidi.

MamaFremu: Wewe unajua barua inasema nini. Mwonyeshe mtu ambaye hajaiona, umtazame usoni badala ya kutazama skrini.

PenseliButu: Nakubali kuhusu kuigiza. Lakini muziki si ungewekwa kwanza, picha zifuate midundo?

MamaFremu: Napima kimya kwanza. Muziki mzuri huficha pengo.

TaaYaMeza: Mimi hapo sikubaliani nawe, dada. Binti akiketi pale noti ya mwisho inapoangukia, lazima noti iwepo kabla sijahesabu fremu.