Naomba ushauri: kijana anataka warfarini ya mama yake, dozi hajui

Wakuu wa famasia, habari za jioni. Kuna kijana kaja dirishani kumchukulia mama yake warfarini. Kashika kidonge kimoja cha pinki, kimekatwa pembeni ya paketi, na herufi hazisomeki. Dozi anaijua mama tu, naye yuko kitandani na homa, anaongea kwa shida. Kadi ya kliniki haionekani.

Rangi hainisaidii. Kwa mpangilio wa Uingereza, pinki ni miligramu 5. Kwa wa Marekani ni miligramu 1. Nikikosea, nimempa mara tano ya dozi yake, na damu itaanza kutoka kwenye fizi au mkojo siku kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka duka.

Nimempigia mama kwa simu ya kijana. Sikumuuliza "ni miligramu 5?", maana mgonjwa aliyechoka hujibu ndiyo kwa lolote. Nimeuliza anameza vingapi, saa ngapi, jana alimeza, na kama kaongezewa antibiotiki. Kasema "kimoja na nusu usiku", na kuna vidonge vyeupe vikubwa alivyopewa juzi, jina hajui. Hivyo vyeupe ndivyo vinanitisha: vikiwa metronidazo, INR itapanda hata dozi ikiwa sahihi.

Naelekea kutompa kitu leo. Warfarini haiishi mwilini kwa usiku mmoja, kliniki yake inafunguliwa asubuhi, na faili lake liko huko. Ila ana vali ya bandia ya moyo. Mngemwachia hivyo hadi asubuhi, au mngempeleka hospitali usiku huu apimwe INR?