Mrejesho: Mbps 20 zinafika, ruta ndiyo ilikuwa imejificha

Niliuliza: "Nipo Soweto, Moshi. Nalipia Mbps 20 lakini chumbani video inakwama. Nipandishe kifurushi hadi 40, au shida iko humu ndani?"

Wakuu, nimepima. Nilichomeka laptopu kwenye ruta kwa waya, nikazima waifai kwenye simu zote ili asibaki mtu anayevuta, nikapima asubuhi, mchana na saa mbili usiku. Nikapata 19, 19 na 18. Kwa hiyo ninachokilipia kinafika nyumbani. Kama kwa waya usiku ingeshuka hadi 6, ningempigia mtoa huduma bila kugusa kitu.

Kisha chumbani kwa waifai: 4. Hapo nikaelewa kwamba hata ningelipia 40, ile 4 isingesogea, maana inabanwa na njia kati ya ruta na kitanda. Katikati kuna kuta mbili za bloku, na ruta nilikuwa nimeisukuma nyuma ya friji. Bati la friji linazuia mawimbi kuliko ukuta wenyewe.

Nilinunua waya wa mtandao wa mita 15, nikahamishia ruta koridoni, juu ya kabati la mbao. Chumbani sasa napata 17 kwenye 2.4 GHz. Kwenye 5 GHz napata 9 tu pale pale, kwa sababu haipenyi kuta vizuri, hivyo hiyo nimeiachia runinga ya sebuleni.

Kifurushi nimekiacha palepale. Wanangu wakirudi likizo nitapima tena kwa waya huku wote wanatazama video.